Amana Huamuliwa Siku ya Kuingia, Si Siku ya Kuhama

Godoro la mwisho limeshapakiwa kwenye Kirikuu, dereva anapiga honi kwa sababu anataka kufika Mwanga kabla ya giza, na ndani ya nyumba tupu watu wawili wamesimama mbele ya ukuta mmoja. "Mwalimu, hapa palikuwa hivi?" anauliza mama mwenye nyumba. "Palikuwa hivihivi, mama, ndivyo nilivyopakuta," anajibu mpangaji. Hakuna anayedanganya. Kila mmoja anakumbuka ukuta wake, na kati ya kumbukumbu hizo mbili iko amana ya mwezi mzima wa kodi. Nimesimama kwenye vyumba vya namna hiyo mara nyingi mjini Same na huko juu milimani, na msimamo wangu ni huu: ugomvi wa amana hauwezi kutatuliwa kwa haki siku ya kuhama kama siku ya kuingia hakuna kilichoandikwa. Ukaguzi wa kuhama si ukaguzi mpya. Ni nusu ya pili ya ukaguzi ulioanza siku funguo zilipotolewa.

Same ni mji wa watu wanaohamahama. Walimu, wauguzi, maofisa wa halmashauri na watumishi wa Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi huja na barua ya uhamisho na huondoka na nyingine. Wengi hulipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, pamoja na mwezi mmoja wa dalali. Kwa nyumba nzima au fremu ya biashara, mara nyingi huombwa na amana. Anayepokea barua ya uhamisho ana siku chache za kufungasha, na ndiyo maana mwenye nyumba anayetaka kukata hukata, na mpangaji anayetaka kukimbia uharibifu wake hukimbia.

Sheria yenyewe imejengwa juu ya ulinganisho. Tangu Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilipofutwa mwaka 2005, upangaji umebaki chini ya mkataba na Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Kifungu cha 89 cha sheria hiyo kinamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali lililokuwa nayo upangaji ulipoanza. Kisha kinamwondolea mzigo wa vitu kadhaa: uchakavu wa kawaida, moto, mafuriko au ajali ambayo haikutokana na uzembe wake, na majanga ya asili kama dhoruba, radi na tetemeko la ardhi. Kwa hiyo kila kato halali lina maswali matatu ndani yake. Hali ya mwanzo ilikuwaje? Hali ya sasa ikoje? Tofauti kati ya hizo mbili imeletwa na nini? Asiyeweza kujibu swali la kwanza hawezi kufika kwenye la tatu, hata kama ukuta anaouonyesha umechafuka kweli.

Tuanze na karatasi. Watu wengi hutengeneza fomu mbili, moja ya kuingia na moja ya kutoka, na siku ya mwisho hugundua kwamba hazizungumzi lugha moja: ya kwanza imeandika "jiko", ya pili imeandika "sinki, koki, meza ya zege". Fomu inayofaa ni moja. Kila mstari ni kitu kimoja mahali pamoja, kwa mfano "mlango wa jikoni, kitasa", na mbele yake kuna safu mbili, hali ya kuingia na hali ya kutoka. Safu ya pili hubaki wazi mpaka siku ya kuhama. Mpangaji hukaa na nakala yake, mwenye nyumba na yake, na kila ukurasa una sahihi zote mbili. Anzia mlangoni na uzunguke chumba kwa upande mmoja hadi urudi mlangoni, halafu tazama dari na sakafu. Ukifuata njia hiyohiyo siku ya kutoka, huwezi kuruka kitu.

Kwenye safu hizo neno "nzuri" lisiandikwe. Haliwezi kulinganishwa na chochote. Andika kinachoonekana na ukipime: "ukuta wa kushoto, matundu ya misumari 4, ufa mwembamba kutoka kona ya dirisha, urefu sm 40". Kwa ufa kuna njia ya mafundi ambayo naipenda sana: piga mstari mdogo wa penseli pale ufa unapoishia na uandike tarehe kando yake. Miaka miwili baadaye ufa ukiwa umepita mstari, unajua jengo linaendelea kucheza, na jengo linalocheza ni jambo la mwenye nyumba na fundi wake wa msingi.

Kwa vitu vinavyofanya kazi, yaani vitasa, koki, choo, swichi na soketi, majibu ni matatu: kinafanya kazi, hakifanyi kazi, hakikujaribiwa. Jibu la tatu ndilo linalosahaulika, na kwa Same ndilo muhimu kuliko yote. Kwa miaka mingi mji huu umeishi kwa mgawo wa maji. Hata sasa, baada ya mradi wa Same–Mwanga–Korogwe unaoleta maji kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu, bado unaweza kukagua nyumba saa ambayo bomba ni kavu au umeme umekatika. Ukiandika "koki nzima" wakati haikutoa hata tone, umeweka sahihi yako kwenye jambo usilolijua. Andika "haikujaribiwa, hakuna maji", kisha rudini nyote wawili siku maji yakitoka mjaze mstari huo.

Picha ni msaidizi wa fomu, haziwezi kuchukua nafasi yake. Picha haionyeshi kwamba kitasa kinagoma au kwamba fleshi ya choo haijai. Picha ya doa bila kitu cha kulinganisha nacho haisemi doa lina ukubwa gani, kwa hiyo weka rula, au hata kiberiti, kando yake. Piga moja ya mbali inayoonyesha chumba kizima, na moja ya karibu. Kisha zitume kwa upande wa pili kwa WhatsApp jioni ileile, nyote wawili mnabaki nazo zikiwa na tarehe ya ujumbe. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza na kuondoa taarifa za ndani zinazoonyesha ilipigwa lini, basi zile za maana zitume kama faili. Piga pia mita ya maji na salio la uniti za Luku, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Bili ya maji huja baada ya mtu kuondoka, na usomaji wa mita ndio unaoonyesha deni la nani limeishia wapi.

Sasa tuingie penye ugumu wenyewe, ambapo hata watu wenye nia njema hukosana: kutenganisha uchakavu na uharibifu. Uchakavu ni kile ambacho kingetokea hata kama angekaa mpangaji mwangalifu kuliko wote. Uharibifu ni kile ambacho kisingetokea bila kitendo au uzembe wa mtu. Ufafanuzi huo ni rahisi kuusema, lakini nyumba husomwa pamoja na mahali ilipo. Mji wa Same uko kwenye kivuli cha mvua cha milima ya Upare. Jua ni kali, upepo wa mchana unaleta vumbi, na rangi ya ukuta unaotazama magharibi hupauka kabla ya kuta nyingine. Maji ya visima vingi vya huku chini yana chumvi, nayo huacha gamba jeupe kwenye koki na kichwa cha bafu. Hayo yote ni uchakavu. Ukipanda Mbaga, Mamba au Chome, chini ya msitu wa Shengena, mambo hugeuka: mvua ni nyingi, ukungu hulala juu ya paa asubuhi, na ugomvi wa huko ni wa unyevu na madoa meusi.

Madoa ya unyevu ndiyo nimeyaona yakizaa makato mengi yasiyo ya haki, kwa hiyo nitayaeleza polepole. Yapo ya aina tatu na kila aina ina uso wake. La kwanza linatoka ardhini. Linaanzia chini ya ukuta, linakwenda kama mkanda mrefu, kwa kawaida halipiti kimo cha mita moja hivi, na kwenye ukingo wake wa juu huacha unga mweupe wa chumvi. Lipu yake hubanduka ukiigusa. Hilo linatokana na msingi usiozuia unyevu kupanda. Mpangaji hawezi kulisababisha na hapaswi kulilipia. La pili linatoka juu. Ni duara la rangi ya kahawia kwenye silingibodi au juu ya ukuta, lenye pete ndani ya pete, kwa sababu kila mvua huongeza ukingo wake. Hilo ni bati lililotoboka au msumari uliolegea, nalo ni la mwenye nyumba, ila mpangaji ana wajibu wa kutoa taarifa mapema. Akiona maji yanadondoka akanyamaza misimu miwili mpaka silingibodi ikaanguka, sehemu iliyozidi ni yake.

La tatu linatoka ndani ya nyumba. Ni kuvu nyeusi ya vidoti vidoti kwenye kona za juu, nyuma ya kabati na pembeni mwa madirisha, mahali hewa isipotembea. Huletwa na mvuke wa kupikia, nguo zinazoanikwa ndani na madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya baridi. Hapa jibu halimo kwenye doa peke yake. Kama chumba kina dirisha linalofunguka na mpangaji aliliziba kwa nailoni, kazi ya kusafisha na kupaka sehemu hiyo ni yake. Kama dirisha halifunguki au jiko halina pa kutolea mvuke, hilo ni kosa la jengo. Ndiyo maana fomu ya kuingia iwe na mstari wa kila dirisha: linafunguka au halifunguki.

Nikupe hesabu nzima ya nyumba moja, nikiiita mfano ili nisimtaje mtu. Ni nyumba ya vyumba viwili mjini Same, kodi Sh150,000 kwa mwezi, amana Sh150,000. Mpangaji aliingia tarehe 1 Agosti 2022, rangi ikiwa mpya, akatoka tarehe 31 Machi 2025. Alikaa miezi 32. Mwenye nyumba alileta orodha yake: rangi nyumba nzima Sh280,000, silingibodi yenye madoa Sh60,000, kitasa cha jikoni Sh25,000, koki Sh22,000, usafi Sh20,000, kioo cha dirisha Sh18,000 na soketi iliyoungua Sh8,000. Jumla Sh433,000. Kwa hesabu yake, amana imekwisha na mpangaji bado anadaiwa Sh283,000.

Tukafungua fomu. Kitasa kilikuwa kimeandikwa siku ya kuingia: "kinagoma, ufunguo unazungushwa mara mbili". Hilo likafutwa. Soketi ilikuwa "haikujaribiwa, umeme umekatika", na hakuna aliyerudi kuijaribu. Anayedai kato ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba kitu kilikuwa kizima, na hakuweza, nalo likafutwa. Koki ilikuwa na gamba la chumvi, huo ni uchakavu. Madoa ya silingibodi yalikuwa ya pete ndani ya pete, na mpangaji alikuwa na ujumbe wa Novemba 2023, mvua za vuli, akimweleza mwenye nyumba kwamba bati linavuja. Likafutwa pia.

Kioo kilikuwa kizima kwenye safu ya kwanza na kimevunjika kwenye ya pili. Kioo hakichakai. Cha miaka kumi kinapitisha mwanga sawa na kipya, kwa hiyo mpangaji alilipa Sh18,000 kamili. Usafi vilevile: nyumba ilikabidhiwa imepigwa deki na choo safi, ikarudishwa na masizi jikoni na takataka uani, na mtu aliyeisafisha alilipwa Sh20,000. Hizo ni za mpangaji zote.

Rangi ndiyo iliyotufundisha. Sebule na chumba kikubwa zilikuwa zimepauka na kushika vumbi tu, hakuna cha kukata. Chumba cha watoto kilikuwa na michoro ya kalamu na mafuta yaliyoingia ndani ya ukuta, na huo ni uharibifu. Kukipaka chumba hicho peke yake ni Sh60,000, rangi na fundi. Lakini rangi hiyo haikuwa mpya tena. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba rangi ya maji ya ndani hukaa miaka minne hivi, yaani miezi 48. Miezi 32 ilikuwa imeshatumika, na mpangaji alikuwa ameilipia kwa kodi yake. Iliyobaki ni miezi 16, theluthi moja. Theluthi ya Sh60,000 ni Sh20,000. Kumtoza zaidi ni kumfanya amnunulie mwenye nyumba rangi mpya badala ya ile kuukuu.

Makato halali yakawa Sh58,000, na Sh92,000 zikabaki za kurudishwa. Kuna mstari mmoja zaidi ambao wapangaji wengi hawauandiki. Kodi ya jengo hukatwa kwenye Luku tangu Agosti 2021. Kwa nyumba ya kawaida ilianza Sh1,000 kwa mwezi na tangu Julai 2023 ni Sh1,500. Kisheria ni deni la mwenye jengo, ila anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Mkataba wa nyumba hii haukusema mpangaji ataibeba. Miezi 11 ya Sh1,000 na miezi 21 ya Sh1,500 ni Sh42,500. Mwenye nyumba alikubali, akarudisha Sh134,500. Alisikitika, lakini aliweza kufuata kila mstari kwa kidole.

Wenye nyumba wengi huniambia kwamba ni desturi mpangaji kupaka rangi anapotoka. Mkataba ukisema hivyo na mtu akaweka sahihi, amejifunga, na anayepanga asome mstari huo kabla ya kulipa. Mkataba usiposema, kinachobaki ni uchakavu wa kawaida, na desturi haiwezi kuuzidi. Wapangaji nao wana kosa lao. Wakikaribia kuhama, huacha kulipa mwezi wa mwisho wakisema "chukua amana". Mwenye nyumba akikubali, anabaki bila kinga yoyote siku ya kukuta choo kimepasuka, na mwaka unaofuata ataomba amana ya miezi miwili kwa mtu mwingine asiye na hatia. Kodi ilipwe kama kodi. Na msimtegemee dalali kuwa shahidi wa hali ya nyumba. Kazi yake iliisha alipopokea mwezi wake, na mara nyingi aliiona nyumba kwa dakika kumi.

Uingereza wamelifikisha jambo hili mbali. Tangu 2007 amana za upangaji wa kawaida huwekwa chini ya mipango maalum ya ulinzi, na ugomvi ukitokea msuluhishi husoma ripoti ya kuingia na ya kutoka akianza na dhana kwamba fedha ni za mpangaji mpaka mwenye nyumba athibitishe vinginevyo. Sisi hatuna chombo hicho. Tuna Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu bila kutoa hukumu, na tuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kwa amana ya Sh150,000, nauli na siku za kazi zinazopotea zinaweza kuimaliza fedha yenyewe kabla shauri halijasikilizwa. Kwa hiyo fomu iwe nzuri kiasi cha kumaliza ugomvi palepale sebuleni.

Kuna mambo mawili ninayaweka kwenye mikataba ninayoisimamia. La kwanza naliita nyongeza ya mvua ya kwanza. Mtu akiingia Agosti, paa linalovuja haliwezi kuonekana, kwa hiyo mpangaji anapewa siku 14 baada ya mvua kubwa ya kwanza ya vuli au masika kuongeza kwenye safu ya kuingia kila alichokiona, kwa maandishi na picha. Bila nyongeza hiyo, fomu ya kiangazi humdhulumu mpangaji anayetoka Aprili. La pili ni ukaguzi wa awali, wiki mbili kabla ya kuhama. Mwenye nyumba anapita na fomu, anataja anachokiona, na mpangaji anapata nafasi ya kutafuta fundi wake mwenyewe kubadilisha kioo au kusafisha kuvu, mara nyingi kwa bei ndogo kuliko itakayokatwa.

Ukaguzi wa mwisho ufanyike asubuhi, nyumba ikiwa tupu, funguo zikiwa bado mkononi mwa mpangaji na zihesabiwe kulingana na idadi iliyoandikwa. Makato yaandikwe kwa mstari, kila mmoja na risiti au bei ya fundi, na salio lirudishwe ndani ya siku 14. Upande mmoja ukikataa kusaini, usichane karatasi wala usipandishe sauti. Andika "amekataa kusaini", sababu aliyoitoa kwa maneno yake mwenyewe, saa na tarehe, kisha mwombe mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji aliyekuwepo aweke sahihi yake chini ya maneno hayo.